Ripoti ya mazingira ya mgodi: namna ya kuwasomea wanakijiji habari za maji, ardhi na fidia

*Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji, Kanda ya Ziwa. Kampuni inataka kufungua mgodi wa dhahabu wa shimo la wazi jirani yetu. Tumepewa ripoti ya tathmini ya mazingira, kitabu kinene cha Kiingereza, na mwenyekiti amenikabidhi kazi ya kuandaa muhtasari wa kusoma kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Watu wanauliza mambo matatu: maji yetu, ardhi yetu na fidia. Nianzie wapi, na niandike nini ili nisiwapotoshe?*

Pole na kazi, Mwalimu. Kwanza angalia kurasa za mwanzo za kitabu hicho. Kanuni za tathmini na ukaguzi wa mazingira za mwaka 2005 zinataka ripoti ya namna hii iwe na muhtasari wa Kiingereza na wa Kiswahili. Kama wa Kiswahili haumo, iandikieni barua NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kuudai. Kama umo, usome mara mbili, lakini usiende kuusoma mkutanoni kama ulivyo. Uliandikwa na mshauri elekezi anayelipwa na kampuni, na aliyemkusudia ni afisa wa NEMC anayepitia maombi ya cheti cha mazingira. Humo utakuta sentensi kama hii: "Athari kwa maji ya ardhini zitakuwa ndogo baada ya hatua za kupunguza madhara." Mama anayechota maji kitongoji cha mashariki hawezi kufanya lolote na sentensi hiyo. Anachotaka kujua ni kama kisima chake kitakauka, lini, na akiona kimekauka aende kwa nani.

Kwa hiyo anza kusoma kutoka nyuma. Sura za katikati zinaeleza ndege, mimea na historia ya mkoa, na zitakumaliza nguvu bure. Nenda kwanza kwenye mpango wa usimamizi wa mazingira na mpango wa ufuatiliaji, ambavyo kwa kawaida ni majedwali marefu karibu na mwisho. Humo ndimo ahadi zimeandikwa moja moja: kitafanyika nini, nani atafanya, lini, kwa gharama gani. Halafu fungua viambatisho, utafute mihtasari ya mikutano iliyofanyika kijijini kwenu na orodha za waliohudhuria. Angalia kama majina ni ya watu mnaowajua, kama tarehe ni sahihi, na kama hoja zilizotolewa siku ile zimejibiwa popote ndani ya kitabu. Hoja ya maji ikiwa imeandikwa kwenye kiambatisho halafu sura ya maji haisemi lolote juu yake, hapo una jambo la kwanza la kuwaeleza wananchi.

Unaposoma, shika penseli na uandike herufi moja pembeni ya kila sentensi inayohusu maji, ardhi au fidia. Weka P kwa kilichopimwa, K kwa kilichokadiriwa, A kwa kilichoahidiwa. Kina cha maji kisimani mwezi Septemba kimepimwa. Kina kitakachokuwapo miaka kumi baada ya mgodi kuanza kimekadiriwa, kwa hesabu za kompyuta. Kisima kipya kitakachochimbwa endapo cha zamani kitakauka kimeahidiwa. Ripoti huvichanganya vitu hivi katika aya moja, kwa sauti ileile ya uhakika, na msikilizaji akitoka mkutanoni anaamini vyote vina uzito sawa. Muhtasari wako ukivitenganisha tu, tayari umefanya kazi kubwa kuliko kutafsiri.

Sasa tuingie kwenye maji, na hapa nitakaa zaidi.

Shimo la mgodi wa wazi huenda chini mita mia na zaidi, wakati maji ya visima vyenu pengine yako mita nane au kumi tu. Shimo likishapita usawa wa maji, maji huanza kuingia, na pampu lazima zifanye kazi usiku na mchana ili wachimbaji wasizame. Kadiri wanavyopampu, maji yaliyo ardhini pande zote huinama kuelekea shimoni, na usawa wake unashuka hata mbali na uzio wa mgodi. Katika ripoti tafuta ramani yenye duara moja ndani ya jingine kuzunguka shimo, kila duara limeandikwa namba: 1, 2, 5, 10. Hizo ni mita ambazo usawa wa maji unakadiriwa kushuka. Ramani hiyo ni muhimu kuliko kurasa hamsini za maelezo.

Shida yake ni kwamba visima vimeandikwa kwa alama kama GW3 au BH7, si kwa majina mnayoyatumia. Kazi yako ni kuzigeuza. Chukua jedwali la vituo vya kupimia, angalia namba za mahali kilipo kila kituo, uziingize kwenye ramani ya simu, kisha uende hadi pale uone kama GW3 ndicho kisima cha shuleni au cha zahanati. Ukikuta kisima ambacho watu wanakitumia lakini hakimo kwenye jedwali, kiandike. Kisima ambacho hakikuorodheshwa kabla ya mgodi ni vigumu sana kukidai baada ya mgodi.

Tuchukue mfano wa kubuni ili uone hesabu inavyokwenda. Tuseme kisima cha kitongoji kimechimbwa kwa mkono, kina chake mita 12. Wakati wa masika maji yako mita 8 kutoka juu, kwa hiyo kuna mita 4 za maji. Mwishoni mwa kiangazi, Septemba, maji yameshuka hadi mita 10 na nusu, yamebaki mita moja na nusu. Ripoti inasema eneo hilo liko kwenye duara la mita 2 ifikapo mwaka wa sita wa uchimbaji, na jedwali la athari limeweka neno "ndogo". Wastani wa mwaka unaweza kweli kuonyesha athari ndogo. Lakini toa mita 2 kwenye mita moja na nusu ya Septemba: kisima kimekauka. Masika kitarudi, kiangazi kitakufa tena. Hapo usiandike kwamba athari ni ndogo. Andika hivi:

"Kisima cha Mwembeni (kwenye ripoti kinaitwa GW5). Hesabu za kampuni zinakadiria maji yatashuka mita 2 ifikapo mwaka wa sita. Kwa kina tulichokipima wenyewe Septemba, kisima hiki kinaweza kukauka wakati wa kiangazi. Kampuni imeahidi maji mbadala, ukurasa fulani, lakini haijaandika ndani ya siku ngapi."

Muhtasari mzuri una maneno kama hayo: jina la mahali, namba, mwaka, ahadi, na pengo lililo ndani ya ahadi.

Mnaweza kupima wenyewe, na nawasihi mfanye hivyo kabla shimo halijaanza kuchimbwa. Chukueni kamba isiyovutika, mfunge jiwe, mshushe hadi liguse maji, muweke fundo usawa wa mdomo wa kisima, kisha mpime kamba kwa futi ya fundi. Pimeni asubuhi kabla watu hawajachota. Andikeni tarehe, jina la kisima, kina, na majina ya watu wawili walioshuhudia, kwenye daftari linalobaki ofisi ya kijiji na kugongwa muhuri. Rudieni kila mwezi, au angalau mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi. Angalia pia ripoti ilipima lini. Nimeziona ripoti zilizochukua vipimo vyote katika wiki moja ya mvua, na hali ya kawaida ya kijiji ikaandikwa kutokana na wiki hiyo. Kama yenu haina vipimo vya misimu yote miwili, liseme hilo waziwazi katika muhtasari.

Kuhusu wingi wa maji, ripoti itasema mita za ujazo kwa siku. Usiziache hivyo. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Ikiwa imeandikwa kwamba mgodi utapampu mita za ujazo 3,500 kwa siku, hizo ni ndoo 175,000. Sera ya Maji ya mwaka 2002 inalenga lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini, kwa hiyo kijiji cha watu 4,000 kinahitaji ndoo 5,000. Wananchi wataielewa hesabu hiyo mara moja. Ila uwe mwadilifu nayo: ndoo zote zinazopampuliwa si lazima zingefika visimani mwenu, kwani nyingine zinatoka kwenye miamba ya chini sana. Namba hii inaonyesha ukubwa wa pampu. Duara la ramani ndilo linaloonyesha nani ataguswa. Itumie kuuliza swali: maji hayo yatapelekwa wapi, na je, yanaweza kusafishwa na kuletwa kijijini?

Uchafuzi unahitaji maelezo ya kitu kimoja ambacho watu wengi hawakijui. Wanakijiji wa Kanda ya Ziwa wanaijua sianidi, wanaijua na zebaki kutoka kwa wachimbaji wadogo. Lakini kuna hatari inayotoka kwenye jiwe lenyewe. Mawe mengi yenye dhahabu yana pairiti, ile madini inayometa ambayo wageni huidhania dhahabu. Ikiwa ardhini imetulia, haina neno. Ikitolewa nje ikakutana na hewa na mvua, inatengeneza tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha metali zilizomo kwenye jiwe na kuzipeleka mtoni. Mchakato huu unaweza kuanza miaka kadhaa baada ya jiwe kutupwa, na ukishaanza unaweza kuendelea hata baada ya kampuni kuondoka. Kwa hiyo tafuta sura ya majaribio ya miamba. Inataja sehemu gani ya kifusi inaweza kutoa tindikali. Kisha tafuta mchoro wa mgodi uone kifusi hicho kitawekwa wapi, na kama chini yake kutakuwa na udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa au turubai la plastiki, na mitaro ya kukusanya maji yanayotiririka. Kama rundo la kifusi liko upande wa juu wa kijito mnachonyweshea mifugo, litaje kijito hicho kwa jina.

Palepale angalia matokeo ya vipimo vya maji vya sasa, hasa vya aseniki, ambayo ni sumu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita ya maji ya kunywa. Baadhi ya maeneo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa yana aseniki ya asili ardhini, hata pasipo mgodi mkubwa. Ikiwa kisima chenu tayari kimezidi kikomo, wananchi wana haki ya kuambiwa leo, kwa sababu wanayanywa leo. Vilevile namba hiyo ndiyo itakayotumika siku ya mabishano. Mei 2009, maji yenye tindikali yalipovuja kutoka mgodi wa North Mara kuingia mto Tigithe, wilayani Tarime, mabishano juu ya ukubwa wa madhara yaliendelea kwa miaka. Nakala ya vipimo vya awali isibaki kwa kampuni peke yake. Ombeni yenu, yenye jina la maabara na tarehe.

Bado kuna bwawa la topesumu. Baada ya dhahabu kutolewa, jiwe lililosagwa hubaki kama uji wenye mabaki ya kemikali, nao huhifadhiwa nyuma ya ukuta kwa miaka yote ya mgodi na baada yake. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la namna hiyo ulibomoka katika mgodi wa almasi wa Mwadui, Kishapu, na tope likafika kwenye makazi na mashamba ya vijiji jirani. Ule ulikuwa mgodi wa almasi, usiotumia sianidi. Katika ripoti yenu tafuta uchunguzi wa nini kitatokea ukuta ukibomoka: ramani inayoonyesha tope litafika wapi na baada ya dakika ngapi. Kama upo, ainisha kaya zilizo ndani ya njia hiyo na uwaeleze wenyewe kabla ya mkutano, kwa faragha, maana si habari ya kumpasulia mtu hadharani. Kama haupo, andika kwamba haupo, na mkutano uudai.

Kwa upande wa ardhi, kosa linalorudiwa sana ni kutaja namba moja ya jumla. "Mradi utachukua hekta 610." Hekta moja ni ekari mbili na nusu kasoro kidogo, kwa hiyo ni kama ekari 1,500, lakini hata hapo mtu hajui kama shamba lake limo. Igawanye kwa vitongoji. Kisha tenganisha ardhi itakayochukuliwa moja kwa moja, kama shimo, kifusi na bwawa. Ardhi itakayotumika wakati wa ujenzi tu. Na ardhi itakayobaki mikononi mwa mwenyewe huku ikiwekewa masharti, kama ukanda wa tahadhari wakati wa ulipuaji au njia ya umeme. Kundi hili la tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloleta ugomvi. Mtu anabaki na shamba ambalo siku za baruti haruhusiwi kukanyaga, na kwenye daftari la fidia hayumo.

Kumbuka na vile visivyo na mwenye jina: malisho, msitu wa kuni, machimbo ya udongo wa matofali, njia ya mkato ya kwenda zahanati, makaburi. Mthamini anapita na fomu ya mtu mmoja mmoja, na mali ya wote inaweza kupita katikati ya vidole. Halmashauri ya Kijiji iandae orodha yake, muweke na umbali. Kama uzio utaifanya njia ya zahanati ya kilometa 2 iwe kilometa 7, mjamzito anayekwenda kujifungua atazunguka kilometa hizo zote, na lazima iandikwe.

Wananchi pia waelezwe nguvu yao kisheria, bila kuwaongezea wala kuwapunguzia. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inaweza kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo tena chini ya usimamizi wa kijiji, kwa manufaa ya umma. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoridhia au kukataa. Likizidi hapo, mkutano mkuu unatoa maoni na mapendekezo, na uamuzi ni wa waziri wa ardhi. Kwa mfano wetu wa hekta 610, usiwaambie watu kwamba wana kura ya turufu, kwa maana hawana. Lakini sheria hiyohiyo inasema ardhi haihamishwi mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kulipa na wakati wa kulipa vikubaliwe. Hapo ndipo penye nguvu ya kijiji, na nakushauri mlisome fungu hilo la sheria kwa sauti mkutanoni.

Fidia ndiyo itakayojaza uwanja, na ajabu ni kwamba ndani ya ripoti utaikuta kidogo. Ripoti ya mazingira huwa inasema watu wataathirika na watalipwa kwa mujibu wa sheria. Viwango na majina vimo kwenye nyaraka nyingine mbili: mpango wa uhamishaji wa makazi, na taarifa ya uthamini inayoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Waambie wananchi mapema, kwa sababu wengi huja wakitegemea utawasomea pesa zao. Waambie pia kwamba cheti cha mazingira hakimwondoi mtu yeyote kwenye nyumba yake.

Unachoweza kuwasomea ni mfumo wa hesabu, uliomo kwenye kanuni za fidia za mwaka 2001. Mfano wa kubuni tena. Familia ina ekari 3 zilizothaminiwa shilingi 1,500,000 kila moja, yaani 4,500,000. Nyumba imethaminiwa 8,000,000, na miti ya matunda 1,100,000. Jumla ni 13,600,000. Hapo inaongezwa posho ya usumbufu: thamani hiyo mara wastani wa riba ambayo benki zinatoa kwa amana za muda maalumu za miezi 12. Tuseme riba ni asilimia 8. Posho ni 1,088,000. Inaongezwa posho ya makazi, ambayo ni kodi ya nyumba ya namna ile kwa miezi 36. Kama nyumba ya hapo inapangishwa 20,000 kwa mwezi, ni 720,000. Halafu usafiri: gharama halisi ya kubeba tani 12 za mizigo ndani ya kilometa 20, tuseme 300,000. Jumla kuu ni shilingi 15,708,000. Mwenye biashara anastahili pia faida halisi ya miezi 36, lakini ataombwa hesabu, hata zilizokaguliwa, na mama wa genge hana. Mhimizeni kila mwenye duka, mashine ya kusaga au genge aanze leo kuandika mauzo na manunuzi kwenye daftari. Na mwenye shamba tupu asilokaa ajue kwamba posho za makazi na usafiri hazimhusu.

Hizo 15,708,000 zinasikika nyingi, kwa hiyo endelea na hatua moja zaidi: zigeuze kuwa ardhi. Mgodi ukitangazwa, bei ya mashamba vijiji vya jirani hupanda. Ekari ikifika 2,000,000, zile 4,500,000 za ekari 3 zinanunua ekari mbili na robo. Familia imepoteza robo tatu ya ekari kabla haijajenga choo. Ndiyo maana ni muhimu kuangalia kama mpango wa uhamishaji unatoa chaguo la shamba kwa shamba na nyumba kwa nyumba. Kampuni nyingi kubwa hukopa kwa wakopeshaji wanaofuata viwango vya IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, na viwango hivyo vinadai mtu arudishiwe uwezo wake wa kujikimu, si kulipwa bei ya soko la jana tu. Kama ripoti inavitaja viwango hivyo, nakili ukurasa huo.

Tarehe tatu ziwemo kwenye muhtasari kwa maandishi makubwa. Ya kwanza ni tarehe ya ukomo, siku ambayo kitakachojengwa au kupandwa baada yake hakitathaminiwa. Tuzungumze wazi kuhusu tegesha, kwa maana ipo: watu wanasimamisha vibanda na kupandikiza miche usiku ili walipwe. Wanaoumia ni wenyeji wa kweli, kwa sababu tegesha inawapa kampuni na mthamini sababu ya kutilia shaka kila nyumba ya udongo. Siku ya ukomo, pigeni picha za nyumba zote zenye tarehe. Ya pili ni siku Mthamini Mkuu alipoidhinisha taarifa: kwa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, malipo yanatakiwa ndani ya miezi sita tangu hapo, na yakichelewa yanazaa riba. Ya tatu ni miaka miwili tangu kuidhinishwa. Ikipita bila malipo, uthamini umeisha nguvu na unapaswa kufanywa upya. Wapo watu walioacha kukarabati paa na kupanda migomba kwa miaka wakisubiri fidia, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba uthamini una mwisho.

Siku ya kusaini fomu, kila mtu ahesabu mwenyewe miti yake kabla ya mthamini kufika, asisaini fomu yenye nafasi wazi, na abaki na nakala au picha ya fomu. Mke awepo. Ikiwezekana ardhi ya familia iandikwe kwa majina ya wote wawili na akaunti ya malipo iwe ya wote wawili. Nimeona fidia ikiisha mjini ndani ya miezi, mama na watoto wakiwa wamehamia kwa shemeji.

Muhtasari wenyewe usizidi kurasa nne. Ukishauandika, mpelekee mtu mmoja anayeishi ndani ya eneo, asiyejua Kiingereza, umsomee, kisha umwombe akueleze alichosikia. Akisema "kumbe kisima chetu hakitaguswa" wakati umeandika kitaguswa kiangazi, sentensi hiyo irekebishe. Mwalike na mtu wa kutafsiri kwa Kisukuma, au lugha yenu yoyote, kwa ajili ya wazee, na umpe maandishi siku mbili kabla ili asibuni papo kwa papo. Kina mama wapewe kikao chao kabla ya mkutano mkuu, kwa maana wao ndio wachotaji na mbele ya hadhara mara nyingi hawasemi.

Pale ambapo ripoti haijibu, usijaze wewe. Weka maneno "ripoti haisemi", na ukurasa ulikotafuta. Orodha ya "ripoti haisemi" igeuzwe kuwa barua ya Halmashauri ya Kijiji kwenda NEMC, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya na kwa kampuni, ikiambatanishwa na muhtasari wa mkutano wenye sahihi. Ulizeni ofisi ya NEMC ya kanda tarehe ya mwisho ya kupokea maoni kabla hamjapanga siku ya mkutano, kwa sababu barua inayofika kabla ya cheti kutolewa inaweza kugeuka kuwa sharti ndani ya cheti. Ikifika baada ya hapo, itabaki kuwa ombi kwa kampuni.